Umetuma invoisi za milioni 2.9, imeingia milioni 2.79: usiseme "ni makato tu" kabla hujapiga hesabu hii

Wengi wetu siku hizi hatuuzi mzigo peke yake. Unauza pochi na sabuni kwenye ukurasa wako, lakini pembeni kuna mteja wa Marekani unamhariria picha za bidhaa, mwingine wa Ujerumani unamchorea lebo, na wa Nairobi unamtengenezea matangazo. Kila mmoja unampa invoisi kwa fedha yake. Mwisho wa mwezi unafungua simu, unajumlisha kilichoingia, unalinganisha na invoisi ulizotuma, unaona tofauti kidogo, unasema "aah, hayo makato ya benki", maisha yanaendelea.

Leo tukae na hiyo tofauti kidogo, kwa sababu inaweza kuficha mteja ambaye hajakulipa kabisa.

Tuchukue mfano wa dada mmoja wa Arusha. Viwango vya fedha humu ni vya mfano, nimeviweka vya duara ili hesabu isomeke kirahisi. Wewe utaweka vya siku yako.

Invoisi zake za Machi

- Namba 031, tarehe 3: mteja wa Marekani, dola 400. Siku hiyo dola ni shilingi 2,600, kwa hiyo ni sawa na 1,040,000.
- Namba 032, tarehe 10: mteja wa Ujerumani, yuro 250. Yuro ni 2,800, sawa na 700,000.
- Namba 033, tarehe 17: mteja wa Nairobi, shilingi za Kenya 30,000. Moja ya Kenya ni 20 za kwetu, sawa na 600,000.
- Namba 034, tarehe 25: kampuni ya Dar, shilingi 600,000 za Tanzania.

Jumla ya kazi aliyofanya Machi ni shilingi 2,940,000. Hiki ndicho alichochuma.

Kwenye akaunti na simu yake, mwezi huohuo wa Machi, zimeingia shilingi 2,791,400. Hiki ndicho alichopokea.

Tofauti ni 148,600. Ukiangalia haraka ni kama asilimia 5 hivi. Nani atashtuka kwa asilimia 5? Benki ilikata, kubadilisha fedha kulikula kidogo, basi. Ila sasa tufungue ndani tuone.

Kwanza toa fedha ambayo si ya mwezi huu

Kati ya zile 2,791,400, kuna 771,000 iliyoingia tarehe 5 Machi. Hiyo ni invoisi ya Februari, dola 300, mteja alichelewa. Ni halali yake, lakini si jasho la Machi.

Ukiitoa, invoisi za Machi zenyewe zimeleta 2,020,400 tu. Yaani kati ya 2,940,000 aliyochuma, pengo la kweli ni 919,600. Si 148,600 tena. Fedha ya Februari ilikuja ikakaa juu ya shimo la Machi, shimo likaonekana limefunikwa.

Hapa ndipo watu wengi wanaumia bila kujua. Mwezi huu umefunikwa na deni la mwezi uliopita. Mwezi ujao ukija bila deni la zamani la kuingia, unashangaa mbona fedha hakuna na kazi umefanya ileile. Unaanza kuchota mtaji wa pochi kulipia kodi ya nyumba.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: kila fedha inayoingia iandikwe namba ya invoisi inayoilipa. Usiandike "kutoka kwa Mjerumani", andika 032. Mteja mmoja anaweza kuwa na invoisi tatu zinazosubiri, na bila namba utafuta ile ambayo haijalipwa.

Sasa tugawe lile pengo la 919,600

Pengo lina mafungu matatu, na kila fungu lina dawa yake. Ukiyachanganya, utamlaumu mtu asiye na kosa na kumsamehe mwenye deni.

*Fungu la kwanza: ambacho mteja hajalipa.* Kampuni ya Dar haijalipa 600,000. Hilo halina shida bado, maana invoisi ilitoka tarehe 25 na ilimpa siku 14, muda unaisha tarehe 8 Aprili. Lakini mteja wa Nairobi alituma 20,000 za Kenya badala ya 30,000. Zimebaki 10,000, sawa na shilingi 200,000 za kwetu. Jumla ya fungu hili ni 800,000. Hii si hasara, ni deni. Unaidai.

*Fungu la pili: kilichokatwa njiani.* Dola 400 zilifika zikiwa 380. Benki ya katikati ilikata 15, na benki yake mwenyewe ikakata 5 kwa kupokea. Yuro 250 zilifika zikiwa 240, zilikatwa na huduma ya malipo ya mtandaoni aliyotumia. Kwa kiwango cha siku ya invoisi, dola 20 ni 52,000 na yuro 10 ni 28,000. Jumla 80,000. Hii ni gharama ya biashara.

*Fungu la tatu: tofauti ya kubadilisha fedha.* Invoisi ilihesabiwa dola moja kwa 2,600, lakini benki ilimnunulia kwa 2,560. Dola 380 mara shilingi 40 ni 15,200. Yuro ilitoka 2,800 ikabadilishwa kwa 2,740, yuro 240 mara 60 ni 14,400. Shilingi ya Kenya ilitoka 20 ikaja 19.5, kwa 20,000 ni 10,000. Jumla 39,600.

Hebu ujumlishe: 800,000 na 80,000 na 39,600 ni 919,600. Imefunga kabisa, hakuna senti inayoelea. Hesabu yako ikishindwa kufunga, basi kuna malipo hujaandika, au umebandika fedha kwenye invoisi isiyo yake. Rudi utafute, usijaze kwa makadirio.

Umeona sasa? Makato yote, ya benki na ya kubadilisha fedha, ni 119,600. Yule aliyesema "148,600 ni makato tu" alikuwa amekaribia kwa bahati mbaya, ndiyo maana asingegundua kwamba Mnairobi bado anadaiwa laki mbili.

Taarifa ya malipo: karatasi inayoonyesha nani kakata

Mteja akikwambia "nimelipa", kuna vitu viwili anaweza kukutumia. Kimoja ni skrinshoti ya simu yake inayosema imetumwa. Kingine ni taarifa ya malipo yenyewe, hati inayotaja nani kalipa, tarehe, kiasi, fedha gani, invoisi namba ngapi, na kama kuna kitu amezuia. Skrinshoti inaonyesha ameanza safari. Taarifa ya malipo inakueleza alipakia kiasi gani.

Kwa malipo ya benki kwa benki kutoka nje, mwombe mteja nakala ya SWIFT. Benki yake inaweza kumpa. Nakala za mtindo wa zamani zinaitwa MT103, na benki nyingi bado zinatoa nakala kwa sura hiyo. Usiogope zile namba, wewe tafuta mistari minne tu:

- `33B` ni kiasi ambacho mteja aliagiza kitumwe.
- `32A` ni tarehe, na kiasi ambacho benki ilikipeleka kwa benki inayofuata.
- `71A` ni nani anabeba gharama.
- `71F` ni makato yaliyofanyika njiani kabla haijafika kwako, kama yapo.

Kwenye `71A` utaona neno moja kati ya matatu. `OUR` maana yake mtumaji anabeba gharama zote. `SHA` maana yake mnagawana: yeye analipa za benki yake, wewe unabeba za njiani na za benki yako. `BEN` maana yake wewe mpokeaji unabeba zote, hata za benki yake yeye.

Turudi kwa dada wetu na dola 380. Kabla hajamwandikia Mmarekani "umenilipa pungufu", anafungua nakala. `33B` inasema USD 400, `71A` inasema SHA. Basi mteja amelipa kamili, dola 20 zimeliwa njiani na benki. Kumdai mteja hapo ni kumkosea heshima, na mteja mzuri anaweza kukukimbia kwa dola 20.

Lakini `33B` ingesoma USD 380, hadithi ni nyingine. Hapo mteja mwenyewe aliagiza 380. Labda ametoa gharama zake juu yako, labda alikosea kuandika. Deni la dola 20 bado lipo na una karatasi mkononi ya kuongea nayo.

Kama fedha imetumwa siku nyingi na haijafika, kwenye nakala hiyohiyo kuna namba ndefu ya ufuatiliaji inaitwa `UETR`, herufi na tarakimu zenye vistari katikati. Wapelekee benki yako namba hiyo. Ukienda na "mteja wangu alituma wiki iliyopita" watakwambia subiri. Ukienda na namba, wanaweza kuitafuta imekwama kwa nani.

Malipo ya huduma za mtandaoni na ya simu hayana MT103, lakini yana muamala wenye mistari: kiasi kilichotumwa, ada, kiasi ulichopata. Pakua huo muamala wenyewe, usitegemee meseji, maana meseji mara nyingi inataja kilichobaki tu na ada huioni.

Bei ya dola: ipi ni ya kuandika?

Hapa kuna ubishi kila siku. Mtu anatafuta bei ya dola kwenye simu, anaona 2,600, benki inampa 2,560, analia kuibiwa. Ile ya kwenye simu ni bei ya katikati, si bei ya dirishani. Benki ina bei mbili: ya kununua na ya kuuza. Wewe mwenye dola ndiye unayeuza, benki ndiyo inanunua, kwa hiyo bei yako ni ile ya safu ya kununua, ambayo daima iko chini. Wengi wanasoma safu ya kuuza kwa sababu wanajiona wao ndio wauzaji, wanapiga hesabu ya fedha ambayo haipo.

Kwa upande wa invoisi, chagua chanzo kimoja ukae nacho. Benki Kuu ya Tanzania hutoa viwango vyake kwenye tovuti yake, hiyo inatosha. Andika kiwango cha siku ya invoisi na usikiguse tena. Kwa upande wa kilichoingia, usitafute kiwango popote: andika shilingi zilizoingia kweli. Kiwango chako halisi kitajitokeza chenyewe ukigawa.

Kama una akaunti ya dola na hubadilishi mara moja, andika fedha imeingia siku ilipofika, kwa kiwango cha siku hiyo. Dola ikipanda au kushuka baadaye ukiwa umeishikilia, hilo ni suala lako na dola yako, halimhusu mteja wala invoisi yake.

Mteja wa hapa nchini: 30,000 iliyopotea haijapotea

Aprili ikafika, kampuni ya Dar ikalipa invoisi 034. Imeingia 570,000 badala ya 600,000. Kabla ya kupiga simu, soma taarifa ya malipo. Utakuta wameandika kodi ya zuio 30,000, yaani asilimia 5 ya malipo ya huduma. Kampuni inatakiwa kuikata na kuipeleka TRA kwa jina lako.

Hiyo 30,000 usiiweke kwenye makato ya benki, na usiiweke kwenye deni. Ipe safu yake. Ni kodi uliyokwisha kulipa kabla, na unaitumia kupunguza kodi yako ya mwaka. Ila ili uitumie unahitaji cheti cha kodi ya zuio kutoka kwa huyo mteja. Omba cheti mwezi huohuo. Ukisubiri mwaka uishe, mhasibu aliyekukata kahama kazi na hakuna anayejua wewe ni nani. Bila cheti, ile kodi ya kulipia mbele inageuka hasara kweli.

Na kwa mteja wa ndani, invoisi iwe ya shilingi. Kanuni zilizotoka 2025 zinakataza kutaja bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi. Zile tabia za "nitumie tu kwa dola" ziache kwa wateja wa nje.

Jedwali lenyewe, Eksel au Google Sheets

Safu ziwe hizi, kwa mpangilio huu:

- A: tarehe ya invoisi
- B: namba ya invoisi
- C: mteja
- D: fedha gani
- E: kiasi cha invoisi
- F: kiwango cha siku ya invoisi
- G: tarehe fedha ilipoingia
- H: alichotuma mteja, kutoka kwenye taarifa ya malipo
- I: kilichofika kwako, kwa fedha hiyohiyo
- J: shilingi zilizoingia
- K: kodi ya zuio, kwa fedha ya invoisi

Safu nne zinazofuata zinajihesabu zenyewe. L ni ulichochuma kwa shilingi, M ni deni lililobaki kwenye invoisi hiyo, N ni makato ya njiani, O ni tofauti ya kubadilisha fedha:

```
L2: =E2*F2
M2: =SUMIFS(E:E,B:B,B2)-SUMIFS(H:H,B:B,B2)-SUMIFS(K:K,B:B,B2)
N2: =H2-I2
O2: =I2*F2-J2
```

Angalia kwamba M na N zinatoka kwa fedha ya invoisi, si shilingi. Ni makusudi. Mnairobi unamdai shilingi za Kenya 10,000, humdai laki mbili za Kitanzania. Ukimwandikia deni kwa shilingi zetu, kiwango kikibadilika mtabishana bure. Deni lidai kwa fedha ya invoisi, shilingi ziwe za hesabu yako mwenyewe. Usijumlishe safu ya M wala N kutoka juu hadi chini, utakuwa unachanganya dola na yuro. Ukitaka jumla ya shilingi, zidisha kwanza kila mstari na kiwango cha F.

Mteja akilipa mara mbili, kila malipo yanapata mstari wake wenye namba ileile ya invoisi na kiwango kilekile kwenye F. Ila safu ya E kwenye mstari wa pili iache wazi, vinginevyo utaonekana umefanya kazi mara mbili. Kwa sababu M inajumlisha kwa namba ya invoisi, mistari yote ya invoisi hiyo itaonyesha deni lilelile lililobaki.

Mwisho wa mwezi unataka namba mbili tu, ulichochuma na ulichopokea:

```
Chuma:  =SUMIFS(L:L,A:A,">="&DATE(2026,3,1),A:A,"<"&DATE(2026,4,1))
Pokea:  =SUMIFS(J:J,G:G,">="&DATE(2026,3,1),G:G,"<"&DATE(2026,4,1))
```

Ya kwanza inafuata tarehe ya invoisi, ya pili inafuata tarehe ya fedha kuingia. Tofauti hiyo ya tarehe ndiyo siri yote ya jedwali hili. Tarehe ziandike kama tarehe, si kama maneno. Ukiona jibu ni 0 wakati una malipo, tatizo karibu kila mara ni tarehe iliyoandikwa "3 machi" ambayo Eksel haiitambui.

Ukishaona, ufanye nini?

Dada wetu baada ya hesabu yake alikuwa na mambo matatu ya kufanya, siyo moja la kulalamika.

Kwa Mnairobi, anamkumbusha 10,000 iliyobaki, akitaja namba ya invoisi na tarehe ya malipo ya kwanza. Kuna wateja wanaodhani wamemaliza kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kwa Mmarekani, anabadilisha mpango. Yale makato ya dola 20 hayapandi kwa kuwa invoisi ni kubwa, mara nyingi ni kiasi kilekile kwa kila safari. Kwenye dola 400 ni asilimia 5. Kazi za miezi mitatu zikiwa invoisi moja ya 1,200, dola 20 zileze ni chini ya asilimia 2. Kama hawezi kusubiri miezi mitatu, aandike kwenye invoisi kabla ya kazi kwamba gharama za kutuma ni za mtumaji, `OUR`. Mteja akikubali mwanzo halipi kwa kinyongo. Lakini abaki akijua kwamba benki yake ya hapa bado inaweza kukata ada yake ya kupokea.

Kwa matumizi ya nyumbani, anapanga kwa namba ya pokea, kwa sababu duka halikubali invoisi. Kwa bei ya kazi zake, anapanga kwa namba ya chuma ukitoa makato ya njiani na ya kubadilisha. Kwenye ile kazi ya Mjerumani, yuro 250 zilizotakiwa kuwa 700,000 zilimfikia 657,600. Hiyo ndiyo bei aliyofanyia kazi kweli, na ndiyo ya kuanzia mazungumzo Mjerumani akiomba punguzo.

Ukianza leo, chukua mwezi mmoja tu uliopita. Invoisi upande mmoja, taarifa za malipo upande wa pili, miamala ya benki na simu upande wa tatu, na kila shilingi iliyoingia ipate namba ya invoisi yake. Itakayobaki bila namba ndiyo ya kuanza nayo.